Kurudisha ada ya warsha: tarehe zitoke kwenye mikataba yako

"Naandaa warsha ya siku moja ya kulipia, watu 20. Nataka masharti ya kujitoa na kurudishiwa ada yasiyomkandamiza mshiriki, na mimi nisibaki na madeni ya ukumbi na chakula. Niyaandikeje?"

Mkuu, usianze na asilimia. Wengi huchukua "nusu ukijitoa ndani ya wiki mbili" kwenye tangazo la mtu mwingine, halafu mshiriki akiuliza kwa nini nusu, hawana jibu. Anza na mikataba yako. Ukumbi ukishafika siku gani haukurudishii tena pesa? Mpishi anataka idadi ya mwisho lini? Vitini vinakwenda kuchapwa lini? Tarehe hizo ndizo zitakazokuwa ngazi zako.

Tuseme ada ni 100 kwa kichwa. Ukumbi ni 500 na mwezeshaji 600, na wote wawili hawakurudishii pesa ukighairi zikiwa zimebaki chini ya siku 30. Chakula ni 15 kwa mtu, vitini 10, na hivyo viwili unavithibitisha siku 7 kabla. Makato ya muamala ni 3. Gharama isiyobadilika ni 1,100, ukiigawa kwa 20 ni 55 kwa kila kiti. Basi mtu akijitoa siku 40 kabla, amekugharimu 3 tu, na kumkata nusu ni kumwonea. Akijitoa siku 20 kabla, fungu lake la ukumbi na mwezeshaji limeshakwenda: 55 na 3 ni 58, kwa hiyo unaweza kumrudishia 40 bila kuumia. Akijitoa siku 5 kabla, 83 zimeshatumika. Hapo mimi sirudishi, ila vitini vyake namtumia, maana vimeshachapwa kwa pesa yake.

Sasa maneno yenyewe. Weka tarehe za kalenda na saa, kwa sababu "siku 30 kabla" kila mtu huihesabu anavyotaka. Mimi huandika hivi, tarehe nikizijaza:

"Ukijitoa kabla ya tarehe … saa 12 jioni, utarudishiwa ada yote pungufu ya makato ya muamala. Kuanzia hapo hadi tarehe … saa 12 jioni, utarudishiwa asilimia 40, kwa kuwa ukumbi na mwezeshaji wameshalipwa. Baada ya hapo ada hairudishwi. Wakati wowote kabla ya warsha kuanza unaweza kumpa mtu mwingine nafasi yako bila malipo. Tutumie jina lake. Ukijitoa katika kipindi cha asilimia 40 na nafasi yako ikanunuliwa na mtu wa orodha ya kusubiri, tutakurudishia ada yote pungufu ya makato. Kujitoa kunahesabika kuanzia saa ujumbe wako wa maandishi ulipotufikia."

Angalia kile kipande cha "kwa kuwa ukumbi na mwezeshaji wameshalipwa". Ni maneno machache, lakini yanapunguza mabishano kuliko kifungu kingine chochote. Na ruhusa ya kumpa mwingine nafasi ndiyo inayookoa pande zote: kiti kimelipiwa, sahani imeliwa, na hakuna pesa inayorudi.

Usiandike "isipokuwa kwa sababu za msingi". Nimewahi kuhudhuria warsha ya watu wengine yenye maneno hayo. Aliyefiwa alirudishiwa, aliyeuguliwa na mtoto akanyimwa, na ugomvi ukahamia kwenye kundi la washiriki wote. Sitaki kuwa hakimu wa misiba ya watu, wala kudai vyeti vya daktari. Kama unataka kuwa na huruma, ipe kanuni: kuhamia awamu ijayo mara moja, ombi likifika kabla ya kuthibitisha chakula, na mhamiaji anaongeza asilimia 60 ya ada, yaani ile ambayo asingerudishiwa. Kama huna uhakika wa awamu ijayo, usiahidi.

Upande wako wa kughairi ndio wengi husahau kuuandika. Kila mshiriki, ukitoa chakula, vitini na makato, anakuachia 72. Ukigawa 1,100 kwa 72 unapata 15 na kidogo, kwa hiyo chini ya watu 16 unaingia hasara. Weka siku ya uamuzi siku 31 kabla, ukumbi ukiwa bado haujakubana: "Tusipofikisha washiriki 16 ifikapo tarehe …, tutaghairi na kurudisha ada yote, makato tukiyabeba sisi." Ukighairi baada ya hapo, rudisha yote vilevile, hasara ni yako. Nauli na malazi usiyabebe, ila liseme hilo wazi ili watu wasikate tiketi kabla ya siku ya uamuzi.

Taja pia pesa itarudi ndani ya siku ngapi (mimi huweka 14) na kwa njia ipi. Njia ileile aliyolipia ni salama zaidi. Sheria ya mlaji ya mahali ulipo ikimpa mshiriki haki kubwa kuliko hizi, hiyo ndiyo inayoshinda. Na masharti yote yakae juu ya kitufe cha kulipia, yasije kwenye risiti pesa ikishaingia.