Barua iliahidi kikao, haikuahidi eneo

Swali: Shikamoo wakili. Nina kibanda cha kushona nguo hapa Dodoma, na kibali changu kimekuwa kikihuishwa kila Julai kwa miaka sita. Mwaka juzi mkurugenzi wa halmashauri alituandikia kwamba hatutahamishwa kabla ya kukaa nasi kikao. Diwani naye alisema mkutanoni kuwa eneo ni letu. Sasa tumepewa siku 14 tuondoke, na kikao hakijafanyika. Jamaa mmoja anayeandika nyaraka karibu na mahakama anasema tuna "matarajio halali", kwa hiyo hatuondoki ng'o. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Huyo jamaa amelipata jina la hoja, hoja yenyewe imempita pembeni. Matarajio halali ni hoja kwamba mamlaka ikikuahidi jambo, au ikilizoea kulifanya, mahakama inaweza kuizuia isiligeuke bila kukutendea haki. Kila mwezi napokea watu waliouziwa maneno hayo mawili kana kwamba ni hatimiliki.

Isome tena barua ya mkurugenzi. Inasema mtakaa kikao kabla ya kuhamishwa. Kwa hiyo kinacholindwa hapo ni utaratibu: mwitwe, mwelezwe sababu, mjibu, na majibu yenu yazingatiwe kabla uamuzi haujatolewa. Kuna kesi ya mwaka 1983 kutoka Hong Kong, ya Ng Yuen Shiu, aliyeingia huko kinyume cha sheria. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba watu wa aina yake watahojiwa na kila shauri litaangaliwa peke yake. Yeye akaamriwa kuondoka bila kupewa nafasi ya kueleza kwa nini abaki. Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa za Hong Kong wakati huo, likaifuta amri ile, lakini halikumpa haki ya kuishi Hong Kong. Serikali ilibaki huru kumsikiliza kwanza, kisha kumwondoa. Na wewe ukishinda, usishangae mkiitwa kikaoni wiki inayofuata na mwezi ujao mkaandikiwa barua nyingine ya kuhama, safari hii iliyofuata utaratibu.

Kulinda kitu chenyewe kilichoahidiwa ni jambo jingine, na mahakama hulifanya kwa nadra. Mfano unaotajwa sana ni wa Pamela Coughlan, mlemavu wa Uingereza aliyeahidiwa na mamlaka ya afya kwamba nyumba ya uangalizi ya Mardon House itakuwa makazi yake maisha yote. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya huko iliizuia mamlaka hiyo kuifunga. Lakini tazama mazingira yake: ahadi ilikuwa wazi, walioahidiwa walikuwa wachache, na kuitimiza kuligharimu fedha tu. Ninyi hamna maandishi yanayosema mtabaki hapo daima. Kuhuishiwa kibali mara sita kunaweza kukusaidia kudai usikilizwe kabla hakijakatwa, ila kibali cha mwaka mmoja kikihuishwa mara sita bado ni cha mwaka mmoja.

Ahadi ya diwani nisingeitegemea kabisa. Mahakama ya Juu ya Kenya, mwaka 2014 katika kesi ya Royal Media, ilieleza vizuri: ahadi iwe wazi, matarajio yawe ya busara, aliyeahidi awe na mamlaka kisheria ya kuahidi hivyo, na hakuna matarajio halali dhidi ya kifungu cha sheria kilicho wazi. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila ndiyo mizani ninayompimia kila mteja. Diwani peke yake hagawi ardhi. Na kama kibanda kimo ndani ya hifadhi ya barabara, hata mkurugenzi angekuandikia kwa wino wa dhahabu asingeweza kukuhalalishia kubaki.

Kinachoniudhi zaidi kwa hawa vishoka ni muda wanaowapotezea watu. Watakuandikia barua ya madai, halafu ya kukumbushia, halafu nakala kwa mkuu wa mkoa, kila moja na malipo yake. Wakati huo saa inakimbia. Njia yenyewe ni mapitio ya mahakama, yaani kuiomba mahakama ichunguze kama mamlaka ilifuata sheria ilipoamua. Maombi ya ruhusa ya kuyaleta hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya miezi sita tangu uamuzi unaoulalamikia, na barua zako hazisimamishi muda huo. Ukipewa ruhusa, una siku 14 tu kufungua maombi yenyewe. Nimeshapokea mteja mwenye faili la barua kumi na moja na hoja nzuri, akiwa kwenye mwezi wa nane.

Kwako wewe hata miezi sita ni mingi, kwa sababu kibanda kinaweza kuvunjwa siku ya 15. Wiki hii mpelekee wakili aliyesajiliwa barua ya mkurugenzi, vibali vyote sita na notisi ya siku 14, pamoja na bahasha au kitabu kinachoonyesha tarehe uliyoipokea. Mwambie aombe uamuzi usimamishwe wakati shauri linasikilizwa, na adai kufutwa kwa notisi kwa kuwa hamkusikilizwa. Akianza kukuahidi eneo, chukua faili lako umtafute mwingine.