Simu ikiandika "misitu" badala ya "risiti"

Kwa wewe unayeanza kazi ya kusoma na kusahihisha ujumbe uliotamkwa ukaandikwa na simu: ukikuta neno lisiloingia kabisa, usikimbilie kukisia maana. Anza na sauti.

Feni, upepo au injini haziharibu sauti zote sawasawa. Irabu zina nguvu, hivyo nyingi hupona. Konsonanti hafifu kama f na h humezwa, kisha programu hujaza pengo kwa neno lolote inalolijua linalokaribiana. Ndiyo maana kosa huwa neno sahihi kabisa, lenye tahajia safi, ila halihusiani na habari. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mara nyingi silabi hiyo ndiyo inayosalimika.

Chukua sentensi hii: "Misitu zote za mwezi uliopita ziko kwenye droo." Itamke kwa sauti, usiisome kimyakimya. Msitu haukai kwenye droo, hilo tunaliona. Lakini ushahidi mzito zaidi ni ngeli. Kama angesema misitu, angesema "yote", "ya" na "iko". Hapa kuna "zote", "za" na "ziko", viambishi vitatu vinavyokubaliana, na si rahisi kelele ivipotoshe vyote kwa namna moja. Basi nomino ndiyo iliyoharibika. Tafuta neno la ngeli ya I-ZI, lenye silabi tatu, lenye "si" katikati. "Risasi" linafaa kwa ngeli, ila silabi yake ya mkazo ni "sa". "Risiti" linaingia kote: ngeli, mkazo, mwezi uliopita, droo. Mimi hapo naandika risiti bila wasiwasi.

Kukanusha ni kugumu zaidi, na hapo nakuomba uwe mwangalifu sana. "Nitalipa" na "sitalipa" zinatofautiana kwa konsonanti moja tu, na ngeli haisaidii. Angalia kinachofuata. "Nitalipa mpaka nipate mzigo" inakwaruza sikio, kwa sababu "mpaka nipate" hapo inadai kikanushi: sitalipa mpaka nipate mzigo. Ujumbe ukiishia kwenye "nitalipa" peke yake, huna ushahidi wowote.

Vivyo hivyo "saa sita" na "saa tisa". Irabu ni zilezile, konsonanti zimebadilishana nafasi tu, na zote mbili zina maana. Usichague. Muulize aliyetuma, wala usimwulize "ulisema sita?", maana mtu mwenye haraka atajibu ndiyo. Uliza "saa ngapi, na ni wakati gani wa siku?" Akijibu "alasiri", hata tarakimu ikipotea tena kwenye kelele, unajua ni tisa.