Bidhaa ya kuondoa: soma mchango wake kabla ya kusoma hasara

Ukianza kazi ya uhasibu au usimamizi wa mauzo, haitachukua muda kabla hujawekewa mezani jedwali la faida kwa kila bidhaa, mstari mmoja ukiwa mwekundu, pamoja na swali fupi: hii tuiondoe? Jedwali hilo halijajibu swali hilo. Limeonyesha tu kwamba gharama zote za biashara zikigawanywa kwa utaratibu fulani, bidhaa ile inaangukia upande wa hasara. Anayetaka kuamua anahitaji kujua jambo jingine: bidhaa hii ikiondoka, ni fedha gani zitaacha kuingia na ni zipi zitaacha kutoka?

Tuchukue karakana ya vifaa vya karatasi inayotengeneza madaftari, mafaili na bahasha. Namba zote za jedwali hili ni za mwaka mmoja, kwa maelfu.

| | Madaftari | Mafaili | Bahasha | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Mauzo | 500 | 300 | 200 | 1,000 |
| Gharama zinazobadilika | 300 | 180 | 150 | 630 |
| Mchango | 200 | 120 | 50 | 370 |
| Gharama za kudumu | 150 | 90 | 60 | 300 |
| Faida | 50 | 30 | (10) | 70 |

Gharama zinazobadilika ni zile zinazopanda na kushuka pamoja na idadi ya bidhaa: karatasi, gundi, wino, vifungashio, kamisheni ya wauzaji, usafirishaji. Ukiziondoa kwenye mauzo unapata mchango, yaani kiasi ambacho bidhaa inatoa kulipia gharama za kudumu na, kikizidi, kuleta faida. Gharama za kudumu ni kodi ya jengo, mishahara ya ofisi, ulinzi na bima. Humu zimegawanywa kwa uwiano wa mauzo: bahasha zina asilimia 20 ya mauzo, basi zikabebeshwa asilimia 20 ya 300.

Mgawo huo ni uamuzi wa mhasibu. Angegawa kwa eneo la sakafu au kwa saa za mashine, mstari mwekundu ungeweza kuhama, wala hakuna senti moja ambayo ingeingia au kutoka zaidi. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuufuta mstari wa gharama za kudumu kwa penseli, kisha kuuandika upya ukijiuliza, gharama moja baada ya nyingine: bahasha zikisimama, hii itasimama nazo?

Usiifanye kazi hii ukiwa umekaa na jedwali peke yake. Nenda na orodha ya malipo kwa msimamizi wa karakana. Kodi ya jengo haitapungua kwa sababu kona moja imebaki wazi, isipokuwa mkataba unaruhusu kurudisha sehemu ya eneo. Mshahara wa msimamizi utabaki. Mashine ya kukunja bahasha, kama imekodiwa, itarudishwa na kodi yake itakoma. Kibarua anayefungasha bahasha, kama hana kazi nyingine ya kuhamia, malipo yake yatakoma pia. Tuseme katika zile 60 zilizobebeshwa bahasha, umekuta 15 tu ndizo zitakazokoma. Zile 45 zitabaki palepale zikitafuta wa kuzilipa.

Sasa hesabu inakuwa fupi. Bahasha zikiondoka, unapoteza mchango wa 50 na kuokoa 15. Faida ya karakana nzima inashuka kwa 35, kutoka 70 hadi 35. Umeiondoa bidhaa yenye "hasara ya 10" na biashara imepoteza nusu ya faida yake.

Na mambo hayaishii hapo. Mwaka ujao gharama za kudumu zitakuwa 285, nazo zitagawanywa kwa bidhaa mbili zilizobaki. Mafaili yatabebeshwa karibu 107, na faida yake itasomeka 13 badala ya 30, ingawa kwenye mafaili yenyewe hakijabadilika chochote. Mauzo yake yakiyumba kidogo, nayo yatasomeka hasara, na swali lile fupi litaulizwa tena. Biashara huweza kujipunguza hivi, bidhaa moja baada ya nyingine, kila uamuzi ukionekana una ushahidi. Ukikuta mahali ambapo bidhaa zilizoondolewa miaka ya karibuni zote zilikuwa zikionyesha hasara ndogo tu, chunguza mgawo wa gharama kabla ya kuwalaumu wauzaji.

Kabla hujaufurahia mchango wa 50, hakikisha ni 50 kweli. Namba ya mauzo mara nyingi hutolewa kwenye ankara kama zilivyoandikwa, huku punguzo la bei, bidhaa zilizorudishwa na usafirishaji vikiwa vimerundikwa kwenye akaunti za jumla zisizoonyesha ni za bidhaa gani. Bidhaa ya bei ndogo inayosafirishwa kwa mizigo midogomidogo huumia kimyakimya humo. Chukua ankara za mwezi mmoja wa kawaida, pamoja na hati za marejesho, uzipange kwa mkono kwa kila bidhaa. Inachosha, lakini nimeona mpangilio wa faida ukigeuka kwa hatua hii moja zaidi ya kwa hesabu yoyote ya kisasa. Mchango ukitoka chini ya zile 15 zinazoweza kuokolewa, hapo bidhaa inakula fedha za wenzake na huhitaji mjadala mrefu.

Hadi hapa bahasha zinaonekana zibaki. Hukumu hiyo inasimama kwa sharti moja: kwamba nafasi zinayoitumia isingepata kazi bora zaidi. Tuseme mashine ya kukata karatasi ina saa 2,000 kwa mwaka na zote zinatumika: madaftari 1,000, mafaili 400, bahasha 600. Gawa mchango wa kila bidhaa kwa saa zake, ukikumbuka kwamba namba za jedwali ni maelfu. Mafaili yanaleta 300 kwa kila saa ya mashine, madaftari 200, bahasha 83 hivi. Kama kuna wateja wa madaftari wanaorudishwa kwa sababu mashine imejaa, basi kila saa ya bahasha inafukuza mchango mkubwa kuliko inaouleta.

Swali ni wateja hao wapo kiasi gani. Ili kufidia zile 35 zinazopotea, madaftari ya ziada yanatakiwa yajaze saa 175, kwa kuwa elfu 35 ukigawa kwa 200 unapata 175. Yakipatikana maagizo ya saa 300, mchango wa ziada ni 60, na faida ya karakana inafika 95. Yakipatikana ya saa 100 tu, umejipunguzia faida. Uamuzi mzima umekaa kwenye namba hiyo ya 175, na kwa bahati mbaya ndiyo namba ambayo biashara nyingi hazina cha kuipimia, kwa sababu agizo lililokataliwa halina ankara. Muuzaji atakwambia "wateja wapo wengi tu". Mwombe aanze leo daftari la maagizo yaliyokataliwa: tarehe, bidhaa, idadi, sababu. Baada ya robo mwaka utakuwa na kitu cha kusimamia. Kumbuka pia kuthibitisha kwamba mashine ya kukata ndiyo inayobana kweli. Kama foleni iko kwenye kushona madaftari, saa zilizoachwa na bahasha hazitakusaidia.

Kuna wateja wengine wa kuwaangalia: wanaonunua bahasha pamoja na kitu kingine. Pitia ankara za mwaka, utenge zile zenye bahasha na bidhaa nyingine, kisha ujumlishe mchango wa hizo bidhaa nyingine. Hiyo ndiyo fedha iliyo hatarini. Haitaondoka yote, maana wengine watanunua bahasha kwingine na kuendelea na mafaili kwako, lakini mteja mkubwa anayetaka kuagiza vyote mahali pamoja anaweza kuhama na vyote. Wateja kama hao huwa wachache. Wapigie simu mmoja mmoja badala ya kukisia.

Kuondoa na kubakiza kama ilivyo si njia mbili pekee. Jaribu kupandisha bei. Bahasha zikipanda kwa asilimia 5, mauzo ya idadi ileile yanakuwa 210 na mchango 60. Ili urudi kwenye 50 ya awali, ingebidi upoteze bahasha moja katika kila sita. Kama wauzaji wanaamini watapoteza pungufu ya hapo, jaribio hili ni rahisi kuliko kufunga, na likishindikana bei inaweza kurudishwa. Angalia pia ndani ya bahasha zenyewe: saizi kumi zikiwa zinatengenezwa, huenda tatu ndizo zinazoleta karibu mchango wote, na zilizobaki zinakula muda wa kubadilisha visu vya mashine. Kukata saizi mara nyingi hutosha.

Utasikia hoja moja ukumbini, na huwa inasemwa na mtu mwenye cheo: "Hatuwezi kuacha bahasha, tulinunua mashine kwa fedha nyingi." Katika karakana ambako mashine ya kukunja ilinunuliwa badala ya kukodiwa, fedha hizo zimeshatoka, ziwe bahasha zimebaki au zimeondoka. Kinachoingia kwenye hesabu ni bei ambayo mashine ingeuzwa leo. Hata uchakavu wake unaoandikwa kila mwaka si fedha utakayookoa. Mjibu kwa heshima, ukiwa na namba ya bei ya kuuzia mkononi.

Uamuzi wa kuondoa ukifikiwa, agizo la malighafi ndilo husimama kwanza, na tangazo kwa wateja hufuata. Hesabu karatasi ya bahasha iliyopo stoo inatosha kutengeneza kiasi gani, panga tarehe ya mwisho ya kupokea maagizo kulingana nayo, na wape wateja wakubwa nafasi ya kuagiza akiba. Ukitangaza mapema huku stoo imejaa, wanunuzi watasubiri bei ishuke, na watakuwa sahihi.

Robo mwaka baadaye fungua leja utafute zile 15. Kodi ya mashine ya kukunja imekoma, au mkataba ulikuwa na notisi ya miezi sita ambayo hakuna aliyeisoma? Kibarua ameondoka, au malipo yake yamehamia kwenye akaunti ya madaftari? Kama yamehamia huko na hakuna daftari la ziada lililotoka, andika hivyo kwenye ripoti, pamoja na jina la akaunti.