Lisansi ipi, miezi mingapi: majibu kwa mastajieri wa ofisi ya wafanyakazi

*“Mama, shefu amenipa dosye nyingi za kazi ya msaidizi wa lojistiki. Nianze na ipi?” (Stajieri, Lubumbashi)*

Usianze na yoyote. Swali hili linarudi kila mwezi na jibu halibadiliki: chukua kwanza maelezo ya kazi, uyageuze jedwali, kisha ndipo ufungue CV. Weka upande mmoja masharti ambayo asiyekuwa nayo anatoka: diploma, miezi ya uzoefu na leseni ya kuendesha gari kama imetajwa. Upande wa pili weka yale ya kuwapanga waliobaki, kwa mfano Kiingereza, kwa kuwa mizigo inayoingia Kasumbalesa inakuja na karatasi za Kiingereza. Mpe shefu jedwali alitie sahihi kabla ya dosye ya kwanza kufunguliwa. Ukisoma CV kwanza, utampenda mmoja, halafu utaunda masharti yanayomfaa yeye.

Na kila dosye ipe namba. Jina na anwani vifiche mpaka orodha ikamilike. Hapa kwetu jina linataja mkoa wa mtu kabla hujasoma mstari wa pili, na nimeona watu wazuri wakiachwa kwa sababu hiyo tu. Ni dhuluma.

*“Tumeomba lisansi. Mmoja aliipata 2018, mwingine 2024. Wako sawa?”*

Huenda hawako sawa, na hapa ndipo mastajieri wengi wanapoharibu kazi. Katika mfumo wa zamani mtu alisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2, jumla 5. Katika mfumo wa LMD, ulioenezwa vyuoni kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka 3 na krediti 180. Anayetaka kufika miaka 5 anaendelea na masta.

Wa 2018, kama alisoma hapa nchini, kwa kawaida ni wa miaka 5. Lakini usimhukumu wa 2024 kwa tarehe peke yake, maana walioanza katika mfumo wa zamani waliendelea kuumalizia. Tazama kama CV ina mstari wa gradua kabla ya lisansi. Kama haina, omba nakala ya pointi: ukikuta krediti, huyo ni wa LMD. Kisha mwulize shefu anataka miaka 3 au 5 baada ya diploma ya serikali, na jibu lake liandike ndani ya jedwali. Tangazo linalosema “lisansi” bila kutaja miaka ni tangazo bovu, na lawama si ya waombaji.

*“Miaka miwili ya uzoefu niihesabuje?”*

Kwa miezi, usihesabu kwa miaka. Tuseme namba 14 alikuwa ghalani Machi 2021 hadi Agosti 2022, yaani miezi 18. Kwingine anaandika Juni hadi Desemba 2022, miezi 7. Ukijumlisha haraka unapata 25, na anapita. Lakini Juni, Julai na Agosti zimehesabiwa mara mbili. Ondoa 3, inabaki 22, wakati sharti ni 24. Anatoka, isipokuwa shefu alegeze sharti kwa wote walio na 22.

Aliyeandika “2021–2022” tu anaweza kuwa na miezi 24, au 2 ya Desemba na Januari. Mpigie simu umwulize miezi, kisha udai cheti cha utumishi. Usimkadirie.

*“CV ikiwa na makosa ya tahajia nimtoe?”*

Kama kazi ni ya kuandika barua, ndiyo. Kama ni ya ghala, hapana.

*“Mjumbe wa jopo aliye Kinshasa aliingia kwenye simu saa nzima baada yetu. Tumlaumu?”*

Mlaumu aliyetuma mwaliko. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja: hapa ikiwa 9:00, kule ni 8:00. Kwenye kalenda ya kompyuta chagua `Africa/Lubumbashi`, si `Africa/Kinshasa`, na ndani ya ujumbe andika saa zote mbili pamoja na majina ya miji.

Kila mtu mpe dakika 45, na 15 baada yake ili jopo lijaze alama kabla hajaingia mwingine. Anayetoka Likasi usimpange wa kwanza asubuhi. Piga simu, halafu tuma ujumbe wenye tarehe, saa, mtaa na karatasi za kuleta. Ongeza kwamba hakuna malipo yoyote, kwa sababu matapeli huwapigia waombaji wakidai pesa za “kufungua dosye”.

*“Shefu anataka nimwite mtoto wa rafiki yake.”*

Mpe namba kama wenzake, umpitishe kwenye jedwali lilelile. Akikosa sharti, mpelekee shefu mstari wake jinsi ulivyo, miezi na diploma. Akisisitiza, mwombe aandike mwenyewe kwenye jedwali kwamba ameamua aitwe, na atie sahihi.