Ukizidisha bechi mara 64, usizidishe kasi ya kujifunza mara 64 kabla ya kupima kelele

Nilikuwa na modeli ya kutambua picha za aina 200, ResNet-50 iliyoanza na uzito wa kubahatisha, ikijifunza kwenye GPU moja. Bechi, yaani picha zinazopitishwa pamoja kwa kila hatua, ilikuwa picha 64, kasi ya kujifunza, inayoamua urefu wa hatua, ilikuwa 0.025, na kila kitu kilikwenda vizuri ila kwa mwendo wa kinyonga. Nilipopewa GPU nane nikapanga picha 512 kwa kila moja, jumla 4096. Nikafuata kanuni niliyoizoea: bechi imekua mara 64, basi kasi nayo ikue mara 64, kutoka 0.025 hadi 1.6. Nikaipandisha polepole kwa mizunguko mitano ya data, kama inavyoshauriwa.

Hasara ilishuka kidogo mwanzoni, kisha katikati ya kule kupanda ikaruka na kugota kwenye 5.30. Ukiiona namba hiyo kwenye kazi ya aina 200, simamisha mafunzo papo hapo. Logi asilia ya 200 ni 5.30, na hiyo ndiyo hasara ya modeli inayozipa aina zote uwezekano sawa bila hata kuitazama picha. Modeli yangu ilikuwa imepoteza kila ilichojifunza. Kwa kazi ya aina 1000, namba ya kuiogopa ni 6.91.

Siku mbili nilitafuta hitilafu kwenye msimbo. Nilikagua kama gredienti za GPU nane, yaani mteremko wa hasara kama kila moja ilivyoupima, zinajumlishwa badala ya kupigiwa wastani, kosa ambalo lingeizidisha kasi mara nane bila mtu kujua. Hapakuwa na kosa. Tatizo lilikuwa kanuni yenyewe: nilikuwa nimeipeleka mahali isipofanya kazi.

Tuanze na kwa nini inafanya kazi pale inapofanya kazi. Chukua hatua mbili za SGD, njia ya kusogeza uzito kwa kufuata gredienti ya bechi, zenye bechi ya 64. Kama uzito wa modeli haujasogea sana kati ya hatua ya kwanza na ya pili, gredienti ya pili inapimwa karibu mahali palepale pa ile ya kwanza. Basi kupiga hatua mbili za kasi 0.025 ni karibu sawa na kupiga hatua moja ya kasi 0.05 kwa bechi ya 128, maana picha ni zilezile na umbali wa jumla ni uleule. Sharti limejificha kwenye maneno “haujasogea sana”. Hatua mbili ndogo unaweza kuziunganisha bila madhara. Hatua 64 ukiziunganisha, unadai kwamba mteremko uliouona mwanzoni utabaki uleule hadi mwisho wa safari nzima, na mara nyingi sivyo: bonde la hasara lina mpindo, na hatua ndefu inaruka hadi ng'ambo ya pili, juu zaidi ya ulipoanzia.

Kanuni hii ilipata umaarufu mkubwa mwaka 2017, watafiti wa Facebook walipoifundisha ResNet-50 kwenye ImageNet kwa saa moja kwa kutumia GPU 256. Walianza na kasi 0.1 kwa bechi ya 256, wakafika 3.2 kwa bechi ya 8192, na usahihi haukushuka. Wengi tuliibeba namba ya 8192 tukaisahau sehemu ya pili ya matokeo yaleyale: walipovuka hapo, usahihi ulianza kuporomoka. Na mpaka wao ulikuwa wa kazi yao. Hakuna kinachoulazimisha uwe mpaka wangu au wako.

Mpaka unatoka wapi, basi? Unatoka kwenye kelele. Gredienti ya bechi ni makadirio ya gredienti ya kweli, ile ambayo ungeipata kwa data yote. Bechi ikiwa ndogo, kelele imeimeza ishara, na ndiyo inayokulazimisha upige hatua fupi. Ukiongeza bechi mara mbili, kelele inapungua na unaruhusiwa hatua ya karibu mara mbili. Hapo kanuni ni kweli. Lakini ukiendelea kuongeza, kelele inafifia hadi haikuzuii tena, na kinachokuzuia sasa ni mpindo wa bonde. Mpindo haupungui kwa kuongeza picha.

Mwaka 2018 watafiti wa OpenAI waliliandika jambo hili kwa fomula fupi:

```
kasi_bora(B) = kasi_kikomo / (1 + K / B)
```

Hapa B ni ukubwa wa bechi, na K ni kiwango cha kelele, kinachohesabiwa kwa idadi ya mifano kama bechi. B ikiwa ndogo sana kuliko K, ile 1 haina uzito na kasi inakua sambamba na bechi. B ikikaribia K, ukuaji unalegea. B ikiipita K kwa mbali, kasi inakwama kwenye kikomo chake, hata uongeze GPU ngapi.

Kinachonifurahisha ni kwamba K hupimika kwa bei nafuu. Unahitaji ukubwa wa gredienti uliopigwa mraba, mara moja kwa bechi ndogo na mara moja kwa bechi kubwa, uzito wa modeli ukiwa uleule. Ukiwa na GPU nyingi unavipata vyote viwili katika hatua moja: gredienti ya GPU moja kabla ya kuunganishwa ndiyo ndogo, na wastani baada ya kuunganishwa ndiyo kubwa.

```python
def kelele(g2_ndogo, g2_kubwa, b, B):
    G2 = (B * g2_kubwa - b * g2_ndogo) / (B - b)
    S = (g2_ndogo - g2_kubwa) / (1 / b - 1 / B)
    return S / G2
```

Piga wastani wa vipimo vya bechi nyingi kabla ya kuviingiza humu. Kipimo cha bechi moja kinayumba kiasi kwamba G2, yaani mraba wa gredienti ya kweli, inaweza hata kutoka hasi.

Nililirudia jaribio langu kuanzia mwanzo kwa bechi ya 64, nikasimama baada ya mizunguko michache na kupima. Nikizungusha namba kidogo, wastani wa mraba ulikuwa 1.29 kwa bechi ya 64 na 0.118 kwa bechi ya 1024. Fomula ikatoa G2 ya karibu 0.04 na S, kelele ya mfano mmoja, ya karibu 80, hivyo K ni kama 2000. Tazama ile 1.29: sehemu ya ishara ni 0.04 tu, na iliyobaki yote ni kelele.

Sasa rudi kwenye fomula ya kasi. Kwa bechi ya 64, kigawanyo ni 1 + 2000/64, yaani 32.25. Kwa bechi ya 128 ni 16.6, kwa hiyo kasi inaruhusiwa kukua mara 1.94, karibu sawa kabisa na kanuni. Kwa 256 inakua mara 3.7 badala ya 4, na hapo bado sina ugomvi na kanuni. Kwa 1024 inakua mara 10.9 badala ya 16. Kwa 4096 kigawanyo kinashuka hadi 1.49, na ukuaji ni mara 21.7 tu pale kanuni inapodai 64. Kasi iliyofaa ilikuwa karibu 0.54. Mimi nilikuwa naielekea 1.6, mara tatu ya hiyo. Hesabu ileile inaonyesha kwamba hatua ya SGD tupu ikivuka mara mbili ya kasi bora, kwa wastani inapandisha hasara badala ya kuishusha. Sikuwa na haja ya kutafuta hitilafu siku mbili.

Nilipoweka 0.5, mafunzo yalitulia. Hata hivyo, kwa idadi ileile ya mizunguko, modeli ilibaki nyuma ya ile ya bechi ya 64, na hili ningependa ulielewe kabla hujaomba GPU zaidi. Hatua zangu zilikuwa chache mara 64, lakini kila moja ilifanya kazi ya hatua kama 22 za zamani. Ili kufika mahali palepale ningehitaji kupitisha data karibu mara tatu. Kwa bechi ya 1024 gharama hiyo ni kama mara moja na nusu. Nikachagua 1024 na kasi 0.27, nikaongeza mizunguko, na sijajuta. Bechi ya 4096 ingemaliza mapema zaidi kwa saa ya ukutani, lakini ingekula umeme na muda wa GPU usiolingana na faida yake.

Usiichukulie K kama namba ya kudumu. Mwanzoni mwa mafunzo mifano karibu yote inasukuma upande mmoja, kwa hiyo ishara ni kubwa na K ni ndogo. Kadiri modeli inavyojua, ishara inafifia na K inapanda, mara nyingi kwa mbali sana. Maana yake bechi kubwa inayovunja kanuni asubuhi inaweza kuitii jioni. Hii ni sababu mojawapo ya kupandisha kasi polepole mwanzoni: unavuka kipindi ambacho mpindo ni mkali na kelele ni ndogo. Lakini kupandisha polepole hakuokoi kasi ambayo bado ni kubwa mno mwisho wa kupanda, kama ilivyonitokea. Kumbuka pia kwamba kipimo hiki rahisi hakizingatii tofauti za mpindo katika pande mbalimbali za bonde. Mimi hukitumia kujua niko upande gani wa mpaka, kisha najaribu kasi mbili tatu kuzunguka jibu lake.

Yote haya ni ya SGD. Ukitumia kiboreshaji cha Adam, usianze kabisa na kanuni ya kuzidisha sambamba. Adam hugawanya gredienti kwa ukubwa wake wa kawaida. Kelele ikitawala, ukubwa huo ni wa kelele, na kelele hupungua kwa kipeuo cha pili: bechi ikikua mara nne, kigawanyo kinashuka mara mbili, na Adam mwenyewe tayari amerefusha hatua mara mbili kabla hujagusa chochote. Kinachobaki kwako ni mara mbili nyingine, yaani kipeuo cha pili cha nne. Kutoka bechi ya 256 hadi 1024, kasi ya 0.0003 inakuwa 0.0006. Ukiweka 0.0012 umeihesabu mara mbili kazi ambayo Adam amekwisha kuifanya. Na hapa napo, bechi ikishaipita K, kigawanyo hakishuki tena kwa sababu kilichobaki ndani yake ni ishara, na hata kipeuo cha pili kinakuwa kikubwa mno.