Sauti imekwaruza, tamasha ni Jumamosi

"Naimba alto katika kwaya ya kanisa hapa Nairobi. Sauti imenikwaruza tangu Jumatatu. Nimwambieje mwalimu kwamba sitaimba Jumamosi?"

Mwandikie leo, dada, kabla ya mazoezi ya kesho, apate nafasi ya kumzoesha mwingine:

"Bwana asifiwe, Mwalimu. Sauti imenikwaruza tangu Jumatatu na noti za juu zinakatika. Naomba nisiimbe Jumamosi. Ubeti wangu wa peke yangu utahitaji mtu mwingine. Kesho nitakuja kusikiliza tu, nilete na faili yangu. Samahani sana."

Tafadhali usiongeze "labda nitaimba polepole". Atakuhesabu, nawe utakaza koo. Hata kunong'ona huzichosha nyuzi za sauti, nyamaza kabisa. Ukwaruzo ukipita wiki tatu, muone daktari wa koo.