Picha imegandana na kioo, na mwenyewe anakuja Jumamosi

*Shikamoo Shangazi. Nina studio ya picha Pangani, niliirithi kwa baba. Juzi alikuja mama mmoja na stakabadhi ya 1989. Alipiga picha na dada yake, akalipa nusu, akahamia Mwanza. Dada amefariki, na kwao hakuna picha yake nyingine. Niliikuta ukutani, baba aliitia fremu. Kuitoa tu, kona ikachanika ikabaki kwenye kioo. Nimemwambia arudi Jumamosi. Naona aibu. Nimwambie haikupatikana?*

Marahaba, mwanangu. Hapana, usimwambie hivyo. Akiamini imepotea hatauliza tena, na sura ya marehemu itabaki ukutani kwa watu baki.

Usiivute tena. Picha nyeusi na nyeupe za wakati ule zina utando wa jelatini juu ya karatasi, na sura imo ndani ya utando huo. Unyevu wa pwani huufanya uvimbe na kunata, na fremu ikibana picha na kioo bila nafasi, vinashikana. Ukivuta, karatasi inatoka, sura inabaki kwenye kioo. Inamisha fremu kwenye mwanga: palipogandana panaonekana peusi zaidi, kama palipolowa maji. Pakiwa ni usoni, iache na kioo chake. Mtu akikushauri uiloweke, kataa. Baadhi huachia kweli, lakini hii ni moja tu, na kama ilipakwa rangi kwa mkono, rangi inaweza kuondoka.

Ipige picha humo humo. Ilaze, zima flashi, weka taa mbili pembeni zimulike kwa mshazari, na uizungushie kamera kitambaa cheusi isijione kwenye kioo.

Halafu utafute negativu, maana hiyo ndiyo itakayokurudishia hata kona. Anza na namba ya stakabadhi, uitafute kwenye madaftari ya baba na juu ya bahasha. Usizitambue negativu kwa nyuso, kwa kuwa weusi na weupe umegeuka. Tazama mkao, nani amekaa, mkono wa nani uko begani. Ikinuka siki, plastiki yake imeanza kuoza: iskani mapema, na uitenge na nyingine.

Jumamosi mkaribishe aketi, umwambie kabla hajaiona: "Mama, picha ipo, ila imegandana na kioo, na kona hii nimeichana mimi." Umwombe radhi pia kwa kutundikwa miaka yote bila ruhusa yake, hilo naliona zito kuliko kona. Kisha mkabidhi fremu yenyewe pamoja na nakala mpya. Salio la 1989 usilidai, na nakala ya kwanza isiwe ya kulipia. Akitaka nyingine za ndugu, mtajie bei yako ya kawaida. Negativu ikipatikana, muulize kama anataka kuondoka nayo au uendelee kumtunzia.